Kabla ya Kuzaliwa na Baada ya Kufa

Wasomaji wa Matendo ya Mitume hukutana na Waepikureo katika sura ya 17, pale Athene, wakibishana na Paulo. Biblia haielezi walifundisha nini. Inasema tu kwamba Paulo alipotaja ufufuo wa wafu, baadhi ya waliomsikiliza walidhihaki. Kwa Mwepikureo, habari ya ufufuo ilikuwa inatibu ugonjwa ambao tayari alikuwa na dawa yake. Mwalimu wao, Epikuro, aliyefariki Athene mwaka 270 K.K., alikuwa amewafundisha kwamba kifo si kitu kwa yule anayekufa. Hakusema kwamba ni kibaya kidogo, wala kwamba ni kibaya kinachovumilika. Alisema si kitu.

Hoja yake ina hatua mbili. Ya kwanza ni kwamba kila jema na kila baya humfikia mtu kupitia hisi zake: kisichohisiwa na mtu hakiwezi kumfaa wala kumdhuru. Ya pili ni kwamba kufa ni kukoma kwa hisi. Epikuro aliamini kuwa nafsi ni mkusanyiko wa atomi nyepesi zilizotapakaa mwilini, na mwili ukiharibika atomi hizo hutawanyika, asibaki mtu wa kuhisi lolote. Ukiziunganisha hatua hizo mbili, unapata kwamba kifo hakikutani na mtu hata siku moja. Maadamu yupo, hakijafika. Kikifika, yeye hayupo tena.

Hoja hii husomwa vibaya mara kwa mara, kwa hiyo ni vizuri kuweka wazi mipaka yake. Haisemi kwamba kuugua na kukata roho hakuumi. Hayo ni mambo ya walio hai, na Epikuro mwenyewe alikufa kwa mawe ya njia ya mkojo baada ya siku 14 za maumivu makali, ambayo hakuyaficha katika barua yake ya mwisho. Haisemi kwamba wafiwa hawana sababu ya kulia. Wala haisemi kwamba uhai hauna thamani. Inauliza jambo moja tu: yeye aliyekufa amepatwa na nini? Inajibu kwamba hakupatwa na kitu, kwa kuwa hayupo wa kupatwa.

Msomaji wa kwetu huenda akaukataa msingi wenyewe papo hapo, na ana haki. Mwislamu anajua habari za barzakhi, Mkristo anangoja ufufuo. John Mbiti, mwanateolojia wa Kenya, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1969 kwamba katika jamii nyingi za Afrika marehemu hubaki katika Sasa maadamu wapo wanaomkumbuka kwa jina, ndipo azame katika Zamani wakiisha watu hao. Kwa wote hawa, kusema kwamba mtu amekoma kabisa ni kosa la mwanzo kabisa. Hata hivyo suala halifungiki hapo. Abu Bakr al-Razi, tabibu mkuu wa mji wa Rayy aliyefariki mwaka 925, alimalizia kitabu chake cha tiba ya roho kwa sura juu ya hofu ya kifo, na alifanya jambo la busara: aliwagawa wenye hofu. Anayeamini maisha ya baadaye na akatenda yaliyoamriwa, alisema, hana la kuogopa. Lakini anayedhani kwamba roho hufa na mwili, naye hana la kuogopa, kwa sababu maumivu ni hisia na hisia ni za walio hai. Je, vipi kuhusu raha anazozikosa marehemu? Al-Razi alijibu kwamba marehemu hazihitaji, hazitamani, na hateseki kwa kuzikosa.

Jibu hilo la mwisho ndilo kiini cha ubishi wote, na linamhusu hata mwenye imani. Mama anayeamini kabisa kwamba anakwenda peponi anaweza bado kuhuzunika kwamba hatamwona mwanawe akioa. Hofu yake si ya kaburi wala ya hukumu. Ni ya kukosa. Basi swali ni hili: je, kukosa ambako hakuhisiwi ni hasara kwa aliyekosa?

Thomas Nagel, mwanafalsafa wa Marekani, alijibu mwaka 1970 kwamba ndiyo. Anatutaka tumfikirie mtu mwenye akili pevu anayeumia ubongo hata akarudi kuwa kama mtoto mchanga aliyeridhika: akishiba na nguo zake zikiwa kavu, hana neno. Hateseki hata kidogo. Lakini nani atasema kwamba hajapatwa na msiba? Na msiba huo hauwezi kuwa ile hali yake ya sasa peke yake, kwani mtoto mchanga wa kweli aliye katika hali hiyohiyo hatumsikitikii. Ubaya unaonekana pale tu tunapolinganisha hali aliyo nayo na maisha ambayo angekuwa nayo. Kifo, anasema Nagel, ni kibaya kwa namna hiyohiyo: si kwa kile kinacholeta, ni kwa kile kinachonyima.

Mwepikureo atapinga kwamba yule mgonjwa angalau bado yupo, marehemu hayupo. Basi hasara hiyo inamwangukia lini? Kabla ya kifo haijatokea, na baada yake hakuna wa kuangukiwa. Swali hili la saa limeandikiwa kurasa nyingi katika miaka hamsini iliyopita. Kwa maoni yangu si gumu kama linavyovuma. Tunapolinganisha maisha mawili, ya miaka 40 na ya miaka 80, na kusema kwamba ya pili yalikuwa bora kwa mwenyewe, hatuhitaji kutaja saa ambayo ubora huo ulitokea. Ulinganisho ni wa maisha mazima, na mwenye maisha hayo alikuwapo, ana jina na historia. Hadi hapo Nagel anaelekea kushinda.

Lakini Waepikureo walikuwa na hoja nyingine ghalani, na hii ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Lukresio, mshairi wa Kirumi wa karne ya kwanza K.K., aliiweka katika kitabu cha tatu cha utenzi wake juu ya asili ya vitu. Tazama nyuma, asema, kwenye muda usio na mwisho uliopita kabla hujazaliwa. Alitoa mfano wa vita vya Roma na Karthago, wakati majeshi yalipokuja kutoka kila upande na ulimwengu wote ukatikisika bila kujua nani atautawala. Hanibali aliingia Italia mwaka 218 K.K., zaidi ya karne moja kabla ya Lukresio kuzaliwa. Warumi wa siku zile walitetemeka. Lukresio hakuhisi kitu. Muda ule uliopita ni kioo ambamo tunauona muda utakaokuja baada ya kufa kwetu. Ikiwa haututishi tukiutazama nyuma, kwa nini ututishe tukiutazama mbele?

Hoja hii ya ulinganifu inaweza kusomwa kwa njia mbili, na wengi huzichanganya. Katika usomaji wa kwanza inazungumzia hali: kutokuwapo kabla ya kuzaliwa hakukuwa kugumu, hakukuwa na giza wala upweke, na kutokuwapo baada ya kufa ni kutokuwapo kulekule. Kwa usomaji huu naiona hoja ikisimama imara. Watu wengi wanapoogopa kifo huwaza kwa siri kwamba watakuwamo humo ndani ya ardhi, wakiwa baridi, wakisikia nyayo za watu zikiondoka. Lukresio aliliona kosa hilo: mtu hujitoa duniani na papo hapo anajiacha kando ya maiti yake akiomboleza. Anayekumbuka kwamba alishawahi kutokuwapo, na kwamba hakukuwa na uchungu wowote, ana njia ya kuikata hofu hiyo kwenye mzizi.

Usomaji wa pili ni mkali zaidi, na unamlenga Nagel moja kwa moja. Ukisema kifo ni kibaya kwa sababu kinakunyima miaka, basi na kuchelewa kuzaliwa kulikunyima miaka. Aliyezaliwa mwaka 1985 amekosa kila mwaka uliotangulia mwaka huo. Hakuna anayevaa nguo nyeusi kwa ajili ya miaka hiyo. Basi ama tuanze kuiombolezea, jambo ambalo ni kichekesho, ama tuache kuiombolezea ile ya mbele.

Aliyeitumia hoja hii akikaribia kufa ni David Hume. Jumapili ya tarehe 7 Julai 1776, huko Edinburgh, James Boswell alimtembelea mwanafalsafa huyo aliyekuwa amekonda kwa ugonjwa wa tumbo, akitaka kujua kama mtu asiyeamini maisha ya baadaye angebaki na msimamo wake wakati kifo kiko mlangoni. Boswell alimwuliza kama wazo la kukoma kabisa halimsumbui. Hume alijibu kwamba halimsumbui zaidi ya wazo kwamba hakuwapo zamani, akamtaja Lukresio. Boswell aliondoka ametikisika. Mwaka uliofuata alipomsimulia Samuel Johnson, Johnson alikataa kabisa kuamini: Hume, alisema, alitaka tu aonekane mtulivu. Hume alikuwa ameshafariki, tarehe 25 Agosti 1776. Nitamrudia baadaye, kwa sababu kuna ushahidi mwingine wa miezi ileile ambao unausogeza utulivu wake mahali pengine.

Kwanza tuangalie majibu. La Nagel ni kwamba miaka ya nyuma haikuwa yako kamwe. Ungeweza kufa baadaye kuliko utakavyokufa, lakini usingeweza kuzaliwa mapema sana na bado ukawa wewe. Ambaye angezaliwa nusu karne kabla angekuwa mtu mwingine, wa yai jingine na mbegu nyingine. Kwa hiyo kifo kinakunyima, kuzaliwa kwa kuchelewa hakukunyimi.

Jibu hili linapendeza, lakini sidhani linafika mbali. Nagel mwenyewe alieleza kwamba mwenzake Robert Nozick alimpa mfano wa viumbe wanaoota kutokana na chembe zinazoweza kuhifadhiwa muda mrefu kabla ya kuamshwa: hao wangeweza kuwahi au kuchelewa na wakabaki walewale. Wakati ule mfano huo ulisomeka kama hadithi. Leo si hadithi tena. Mwaka 2022 mapacha walizaliwa Marekani kutokana na viinitete vilivyogandishwa mwaka 1992. Viinitete vilevile vingeweza kupandikizwa mwaka 1993, na mapacha walewale wangekuwa na karibu miaka 30 zaidi nyuma yao. Kwa hao jibu la Nagel halifanyi kazi, na bado sidhani kama watakaa wakiililia miaka yao ya kwenye barafu jinsi mtu anavyougua kwa kuambiwa amebakiza mwaka mmoja. Tofauti ya hisia inabaki palepale hata tukiondoa suala la nani angekuwa nani. Basi sababu yake iko kwingine.

Fred Feldman alionyesha jambo jingine dogo lenye uzito. Tukisema fulani angezaliwa mapema, kwa kawaida tunayasogeza maisha yake yote nyuma, mwanzo na mwisho, urefu ukiwa uleule. Tukisema angekufa baadaye, tunaurefusha mwisho peke yake. Hatulinganishi vitu vinavyofanana. Ni kweli, lakini Mwepikureo atatujibu kwa kutushikia tarehe ya kufa isisogee, na mtego wake utarudi kama ulivyokuwa.

Jibu lililovuta watu wengi zaidi limejengwa juu ya mfano wa Derek Parfit wa mwaka 1984. Umeamka hospitalini. Unajua kwamba kuna upasuaji unaofanywa bila ganzi, kisha mgonjwa husahaulishwa. Hukumbuki kama umeshafanyiwa. Muuguzi anasema wewe ni mmoja wa wagonjwa wawili: ama ni yule aliyefanyiwa jana kwa muda wa saa kumi, ama ni yule atakayefanyiwa leo kwa muda wa saa moja. Ngoja nikaangalie faili, anasema. Wakati unamngoja, unatamani uwe nani? Karibu kila mtu anatamani awe yule wa jana, ingawa ameteseka mara kumi zaidi. Maumivu yaliyopita tunayaona mepesi, yanayokuja mazito. Mwaka 1986 Anthony Brueckner na John Martin Fischer walisema kwamba raha nazo ni hivyohivyo: tunajali zinazokuja, hatuzijali sana zilizopita. Kifo kinachukua raha zijazo, kuchelewa kuzaliwa kulichukua zilizopita, na ndiyo sababu tunakiogopa kimoja na kukisahau kingine.

Kama maelezo ya tabia yetu, hili linatosha. Kama utetezi, halitoshi, na Parfit mwenyewe anatupa sababu ya kulitilia shaka. Fikiria, anasema, kwamba uko mbali, na unaletewa habari kuwa mama yako anaumwa ugonjwa wa kumwua na atateseka miezi kadhaa. Kesho yake unaambiwa habari ilikosewa: aliteseka kwa miezi hiyo yote, na amekwisha kufa. Je, unapumua kwa nafuu? Wachache wangepumua. Mateso ya mama yanauma sawasawa, yawe ya mbele au ya nyuma. Inaonekana basi kwamba upendeleo wetu kwa kesho unahusu zaidi nafsi zetu wenyewe, na unapungua tunapomfikiria tumpendaye. Mwepikureo hapo atafurahi. Atasema: mmekiri wenyewe kwamba ni silika, chombo cha kumfanya mnyama akimbie hatari, wala si hukumu ya akili. Na silika ndiyo niliyokuja kuitibu.

Naona kwamba hapa wengi wametafuta tofauti mahali pasipo penyewe, yaani katika muda wenyewe, na kuiacha ilipo, katika mambo ambayo mtu anayo mikononi. Chukua fundi cherehani wa Tanga wa kubuni, aliyezaliwa mwaka 1985 na kufariki mwaka 2025 akiwa na miaka 40. Ana mwana yuko kidato cha pili. Ana nyumba iliyofika kwenye lenta, bado kuezekwa. Ana msichana anayemfundisha kazi, ambaye ameshajua kukata sketi lakini kola ya shati bado inamshinda. Kifo chake kinakata kila mojawapo katikati. Hakimnyimi tu kiasi fulani cha raha ambazo angezipata. Kinayachukua mambo aliyokuwa ameshayaanza na ambayo maana yake ilikuwa kuyafikisha mbele.

Sasa mrefushe kwa upande wa pili. Mfanye azaliwe mwaka 1945 na afe mwaka uleule wa 2025, akiwa na miaka 80. Amepata miaka 40 ya ziada, amekuwa msichana wa miaka 16 siku ya uhuru wa Tanganyika, amesoma shule nyingine, ameolewa na mume mwingine, amezaa watoto wengine. Yule mwana wa kidato cha pili hayumo humo. Wala ile nyumba. Miaka hiyo ya ziada haimwongezei chochote juu ya yale anayoyapenda. Inamwondolea yote na kumpa mengine badala yake. Ukimwuliza fundi huyu, kama alivyo, kama anaitaka miaka hiyo, ana sababu nzuri ya kusema hapana. Ukimwuliza kama anaitaka ile ya mbele, ana sababu nzuri ya kusema ndiyo. Kila tunachokishika kimeota kutokana na kuzaliwa kwetu palepale tulipozaliwa, na kimeelekea mbele. Hakuna mtu mwenye jambo aliloliacha nusu kabla hajazaliwa.

Mtu anaweza kunipinga kwamba maisha ya miaka 80 huenda yangekuwa bora kwa fundi huyo, yakipimwa kwa mizani ya haki, bila kujali yeye wa leo anataka nini. Nakubali. Kama tunahesabu mema tu, miaka 40 ya nyuma ina uzito sawa na miaka 40 ya mbele, na hapo Lukresio ana haki. Ila hofu na huzuni hazijengwi juu ya hesabu ya mema ambayo yangewezekana. Zimejengwa juu ya mshikamano wa mtu na mambo yake. Mshikamano huo hauko sawa pande mbili, na sioni kwamba kukosa usawa huko ni ujinga.

Turudi kwa Hume. Boswell alimsikia akitaja ulinganifu. Lakini Adam Smith, rafiki yake wa karibu, aliandika barua Novemba ya mwaka uleule akieleza siku zake za mwisho, na humo Hume ana maelezo mengine. Alikuwa akisoma maongezi ya kuchekesha ya Lukiano juu ya wafu wanaomwomba Karoni, mvushaji wa roho, awape muda zaidi. Hume alijaribu kujitafutia udhuru akakosa: hakuwa na nyumba ya kumalizia, hakuwa na binti wa kumtunza, hakuwa na adui wa kulipiza kisasi. Ndugu na marafiki alikuwa anawaacha katika hali njema. Kwa hiyo, alisema, ana kila sababu ya kuridhika.

Hapo sioni neno lolote la kioo cha Lukresio. Naona mtu wa miaka 65 anayekagua mikono yake na kuiona mitupu. Kinachoonekana kumtuliza ni kwamba kazi imekwisha, na hoja hiyo haimfai fundi wetu wa Tanga, ambaye nyumba yake bado ina mbingu kwa paa. Tena hata mikono ya Hume haikuwa mitupu kabisa. Kulikuwa na mswada wa mazungumzo juu ya dini ya asili, ambao rafiki zake waliogopa kuuchapisha. Tarehe 7 Agosti, akiwa amebakiza majuma yasiyofika matatu ya kuishi, aliongeza kipengele katika wasia wake kuhakikisha utatoka, na mpwa wake akautoa mwaka 1779. Hume alikuwa na jambo moja lililoelekea mbele, na alilishughulikia kama mtu anayejali.

Epikuro naye aliacha wasia. Aliagiza bustani yake ibaki kwa wanafunzi, watumwa kadhaa waachwe huru, siku yake ya kuzaliwa iadhimishwe kila mwaka, na watoto wa marehemu rafiki yake Metrodoro watunzwe, binti aozwe akifika umri. Sisero, hakimu asiye na huruma kwa Waepikureo, aliushika wasia huo kama ushahidi wa mshtaki: mtu anayesema yanayotokea baada ya kufa hayamhusu anapangaje sherehe yake mwenyewe? Kuhusu sherehe, sina la kumtetea. Kuhusu watoto wa Metrodoro, Sisero alikosea. Kumtakia mtu mwingine mema baada yangu si lazima kumaanishe kwamba nitadhurika asipoyapata. Atakayedhurika ni yeye, naye atakuwapo. Mwepikureo anaweza kupenda watu bila kujipinga. Asichoweza ni kutaka mambo yake mwenyewe yanayohitaji muda, kisha aseme kukatwa kwa muda huo si kitu. Ndiyo maana Epikuro alifundisha pia kwamba raha kamili haiongezewi na urefu wa siku: mtu aliyeshiba, asiyeumwa, asiye na hofu, ameshafika, na miaka elfu isingemfikisha mbali zaidi. Fundisho hilo ndilo nguzo iliyobeba yote. Ili kifo kiwe si kitu, ni lazima ujifunze kutotaka lolote linalongoja kesho, na mwenye kulea watoto hawezi kujifunza hivyo.

Ndani ya shule yenyewe hilo lilionekana. Filodemo, Mwepikureo wa karne ya kwanza K.K., aliandika juu ya kifo katika gombo lililofukiwa Herkulaneo mlima Vesuvio ulipolipuka mwaka 79, na sehemu zake zimesomeka. Anazipita hofu nyingi kwa dharau: kutozikwa, kwa mfano, au kufa bila sifa. Lakini anapofika kwa mtu anayewaacha wazazi, watoto au mke watakaopata shida kwa kumkosa, anakiri kwamba hapo pana uchungu wa asili kabisa, na kwamba machozi yake ni ya haki.

Maelezo yangu yana shimo, na sijapata cha kulifunika. Nimesema ubaya wa kifo kwa mwenye kufa unategemea jinsi alivyoshikamana na mambo yake. Mtoto wa siku tatu hana mipango, hamjui anayemnyonyesha ila kwa harufu na joto lake, hana jambo aliloliacha nusu. Kwake muda wa mbele na wa nyuma unakaribia kufanana, na ulinganifu wa Lukresio unamkaribia kuliko binadamu mwingine yeyote. Jeff McMahan, aliyeifuata njia hii kwa uangalifu, amekubali kwamba kifo cha kichanga ni hasara ndogo kwa kichanga mwenyewe kuliko kifo cha kijana wa miaka 20 kilivyo kwa kijana huyo. Nagel, kwa kuhesabu miaka aliyonyimwa, atasema kinyume: kichanga amepoteza zaidi ya wote. Kila njia inaeleza kifo kimoja vizuri na kingine vibaya. Kwa fundi wa Tanga nafuata ile ya mshikamano. Kwa kichanga nalazimika kurudi kwenye hesabu ya miaka, nikijua kwamba nikishairuhusu hesabu hiyo, Lukresio ana haki ya kunidai ile ya upande wa nyuma pia.